Apu inanitoza kilomita nne ambazo sikuwa ndani ya gari. Nimechoka!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnisamehe.

Kila siku ya kazi naenda kilomita 11 na kurudi kilomita 11. Nimejaribu boda, teksi ya kijiweni na gari la apu, na kila nauli naiandika kwenye daftari. Ili tusibishane kuhusu sarafu, tuseme nauli ya boda kwa safari hiyo ni 10. Kwa kipimo hicho, gari la apu asubuhi ni 24. Jioni watu wakitoka kazini inapanda mpaka 29. Teksi ya kijiweni, ukipatana na dereva asiyekujua, anaanzia 40 na hashuki kirahisi.

Kwa hiyo nilikuwa mtu wa apu. Bei naiona kabla sijapanda, namba ya gari ninayo, na mke wangu anafuatilia safari kwenye simu yake.

Sasa sikilizeni ya juzi. Naita gari, naonyeshwa 29. Dereva anapiga simu, swali la kwanza: "Unaenda wapi, bosi?" La pili: "Unalipa taslimu?" Namjibu taslimu. Nasubiri robo saa barabarani, anafika, napanda saa 12 na dakika 19 jioni. Tunafika saa 12 na dakika 59. Ananigeuzia simu: 38.

Nauliza kwa nini. "Foleni, bosi. Mimi sipangi, mfumo ndio unapanga."

Nikalipa kwa sababu nilikuwa nimechoka na mvua ilikuwa inanyesha. Nyumbani nikafungua risiti. Safari imeanza saa 12 na dakika 4! Umbali kilomita 15! Na ule mstari wa ramani hauanzii nilipopandia, unaanzia kituo cha mafuta upande wa pili wa mji. Yaani alibonyeza "anza safari" akiwa bado anakuja kunichukua. Nimelipia dakika 15 za kusimama kwenye mvua.

Nimelalamika ndani ya apu. Jibu lilikuja baada ya dakika mbili: "Nauli yako imehesabiwa kwa usahihi kulingana na muda na umbali." Hakuna binadamu aliyesoma.

Jana kwa hasira nikapanda boda. Helmeti niliyopewa kamba yake ya kidevuni haina kifungo, na dereva ananiambia niishike kwa mkono. Nishike helmeti, nishike pikipiki, au nishike roho yangu? Wakati wa kushuka nikashukia upande wa bomba la moshi. Sasa nina alama ya kuungua kwenye shavu la mguu, ukubwa wa kijiko.

Nifanye nini?

—

Kasi Mpya: Mkuu unalia bure. Boda ni 10, apu ni 29, hesabu imeisha. Halafu kwenye foleni boda inakwenda polepole, utaanguka vipi? Ajali ni za barabara kuu.

Kiti cha Nyuma: Kasi Mpya, upo sawa kwenye bei tu. Boda haikai kwenye foleni, inapita katikati ya magari. Hapo mlango unafunguka ghafla, au lori linahama njia bila kukuona. Na ukiangukia kichwa, lami haiulizi ulikuwa na kasi gani. Tafiti zilizojumlishwa zimeonyesha helmeti inapunguza vifo vya waendesha pikipiki kwa takriban asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 69. Lakini hiyo ni helmeti iliyofungwa. Ya kushika kwa mkono itaondoka kichwani kabla hujagusa chini. Mimi napanda boda kila siku, na helmeti yangu naibeba mwenyewe. Na panda na ushukie upande usio na bomba, mara nyingi ni kushoto.

Usukani Mstaafu: Nimeendesha apu miaka minne kabla ya kuacha, nikueleze ilivyo. Nauli ina vipande vitatu: cha kuanzia, cha kilomita, na cha dakika. Kwa kipimo chako tuseme 3 ya kuanzia, 1 kwa kilomita, na robo kwa dakika. Kilomita 11 kwa dakika 40 inakupa 24. Jioni mfumo unazidisha, tuseme mara 1.2, unapata hiyo 29. Sasa weka kilomita 15 na dakika 55: inakuja karibu 32, zidisha mara 1.2, unapata 38. Umeibiwa 9.

Kwa nini alifanya? Kilomita nne za kukufuata halipwi, mafuta ni yake, na kamisheni inakatwa juu ya nauli nzima. Simtetei. Mwizi ni mwizi. Ila ujue shimo liko wapi.

Ukiona ujumbe "safari imeanza" na wewe bado umesimama, piga picha ya skrini hapohapo, saa ionekane. Malalamiko usichague "nauli imezidi", hayo yanajibiwa na mashine. Tafuta sehemu ya "dereva alianza safari bila mimi" au inayofanana nayo, weka picha. Mimi niliwahi kukatwa hela kwa njia hiyo, nakiri.

Mama Pacha: Afadhali wewe, mimi mwavuli wangu ulibaki kwenye teksi wiki mbili sasa na dereva hapokei simu. Hivi nikilalamika kwa apu watanirudishia?

Kiti cha Nyuma: Dada, ulipanda teksi au apu?

Mama Pacha: Teksi. Lakini ana apu pia.

Usukani Mstaafu: Kama hukumwita kwenye apu, apu haikujui, mama. Na hilo ndilo kosa kubwa kuliko hiyo 9 ya mwenye uzi. Dereva akikwambia "ghairi safari nikupeleke kwa bei ileile", kamisheni inabaki kwake na rekodi yako inafutika. Likitokea lolote, hakuna anayejua ulikuwa na nani. Na angalia sura. Akaunti zinakodishwa, kwenye picha ni kaka na kwenye usukani ni mjomba. Ukifika mlangoni usimtajie jina lako, mwambie yeye akutajie.

Mwenye uzi: Hapo kwenye sura umenigusa. Wa juzi alikuwa mtu mwingine, nikadhani amenyoa ndevu tu.

Nimeongea na mzee mmoja wa teksi leo. Kumbe ile 40 anahesabu na kurudi mtupu. Nikimhakikishia asubuhi na jioni kila siku anachukua 28, kwa sababu anajua atapata mtu wa kumrudisha. Siku nzima 56. Apu siku nzima 53 isipochezewa. Wizi mmoja wa 9 umekula akiba ya siku tatu!

Kasi Mpya: Na boda siku nzima 20. Nimemaliza.

Mama Pacha: Huyo mzee gari likiharibika je? Wangu aliniacha siku ya mtihani wa mwanangu, nikaita apu jioni ya mvua, bei imepanda mara mbili.

Kiti cha Nyuma: Na mikanda ya nyuma inafunga? Teksi nyingi za vijiweni mikanda imezama chini ya kitambaa cha kiti.

Mwenye uzi: Sikuangalia. Kesho asubuhi anakuja saa 1 kasoro, nitaingiza mkono chini ya kitambaa. Na ile picha ya risiti nimeituma tena kwa njia aliyosema Usukani. Bado kimya.