Mteja kakuanika mtandaoni: umjibu pale pale au umfuate inboksi?

Muuza Magauni: Wakuu, nijibieni hii, naihitaji kabla ya jioni. Kaniposti na ukurasa wangu kautagi:
"Dada zangu wa Mwanza muwe makini na huyu muuza magauni wa Kariakoo. Nimemlipa 85,000 tangu Jumatatu, leo Ijumaa gauni sijaliona na simu hapokei. Harusi ni kesho. Wezi wakubwa hawa."

Mkanyageni: Ukinyamaza umekiri. Kama una risiti ya basi, ibandike hapo hapo kwenye komenti, na meseji zake zote weka, watu wajue nani mwongo. Mwambie pia kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, neno "wezi" atalitolea maelezo polisi.

Pwani Raha: Pole sana dada. Ukishalipa na mzigo hauji, usibishane nao. Beba muamala wako nenda kituo cha polisi ufungue malalamiko mapema.

Bi Dawati: Pwani, soma tena, mwenye kuuliza ndiye muuzaji. Mkanyageni yuko sahihi kwa kimoja: ukimya kwenye posti kama hiyo husomwa kuwa umekimbia. Mengine nayapinga, lakini siandiki jibu la mtu kabla sijajua hali yake. Nimekaa dawati la malalamiko miaka mingi, na posti yenye maneno haya haya nimeijibu kwa namna zisizofanana hata kidogo. Muuzaji, gauni liko wapi sasa hivi? Huyo dada ni nani kwako? Na unataka nini kitokee: avae gauni kesho, afute posti, au wateja wengine wasikukimbie?

Muuza Magauni: Gauni lilipanda basi Jumatano stendi ya Magufuli, lipo ofisi ya mizigo Nyegezi tangu jana. Wakala kampigia hapatikani, kumbe namba aliyoniandikia mwenyewe kwenye chati imekosewa tarakimu moja, ushahidi ninao. Simu ni kweli sikupokea tangu jana, nilikuwa msibani Mlandizi. Ninachotaka? Vyote vitatu.

Mkanyageni: Si nilisema! Kosa ni lake. Bandika hiyo chati.

Bi Dawati: Ukiibandika utashinda ubishi na gauni litalala Nyegezi. Anayeandika "harusi ni kesho" hana nafasi kichwani ya kusikia kuwa alikosea namba. Wanaosoma nao hawamjui yeyote kati yenu. Watakachoona ni muuzaji anayemuumbua mteja, na kila mmoja atajiuliza yeye akilalamika chati zake zitaenda wapi. Namba ya simu ya mtu kuianika pia si jambo dogo, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Na hiyo ya 2015 usiitumie kutisha watu. Kifungu cha 16 kinamhusu anayesambaza taarifa akijua kuwa ni za uongo, na kwa nia mbaya. Huyu amesema amelipa, hajapata, simu haipokelewi. Yote matatu ni kweli kwa upande wake. Limebaki neno "wezi", nalo ni la hasira.

Mimi ningeandika hivi, chini ya posti yake, hadharani:

"Dada, gauni lako liko ofisi ya mizigo stendi ya Nyegezi tangu jana. Risiti na namba ya wakala nimekutumia inboksi sasa hivi. Nimeongea naye, anakusubiri hadi saa mbili usiku. Kama huwezi kufika, niambie ulipo, bodaboda atakuletea kwa gharama yangu. Tangu jana simu sikupokea, samahani sana."

Angalia mpangilio. Gauni ndilo la kwanza, kwa sababu ndilo alilouliza. Samahani ni ya simu tu, jambo ambalo ni lako kweli. Ukiomba radhi kwa kila kitu, msomaji anaelewa kwamba umekubali wizi. Lakini usimtumie kabla hujampigia wakala ukahakikisha mzigo upo mkononi mwake. Jibu hili likigeuka uongo, huna la pili.

Bibi wa Tanga: Mwanangu Dawati umeandika vizuri ila umeliacha kavu. Mtu alikuwa msibani, kwa nini asiseme? Sisi tukisikia msiba tunapoa. Hata huyo mteja angempa pole.

Bi Dawati: Shikamoo bibi. Ana kwa ana ningesema. Mtandaoni kila muuzaji aliyechelewesha mzigo amefiwa, watu wameshazoea. Aueleze inboksi, baada ya gauni.

Bibi wa Tanga: Marahaba. Waongo wakiutumia msiba, mkweli aufiche wake? Hapo sikubaliani nawe.

Kaka wa Kisauni: Yangu yalinikuta kwa kundi la ukoo. Mjomba aliandika kwamba vijana wa siku hizi hawachangii matanga. Mimi nikamjibu na skrinishoti za M-Pesa, moja moja, tangu mwaka jana. Watu waliniunga mkono kwa vidole gumba, na mjomba hajanisemesha mpaka leo. Sasa nashangaa, mimi si nilikuwa na haki?

Bi Dawati: Haki ulikuwa nayo. Lakini mjomba hajibiwi mbele ya kundi. Ungempigia simu: "Mjomba, nimeona ujumbe wako, mchango wangu ulikufikia?" Angejirekebisha mwenyewe. Kwa muuzaji ni kinyume, kwa sababu wanaotazama ndio wateja wake wa kesho, akikimbilia inboksi tu wataona hajajibu.

Muuza Magauni: Basi ngojeni, kuna jambo sikusema. Huyu si mteja wa barabarani. Ni binamu yake mume wangu, wifi yangu. Mama mkwe keshapiga simu mara mbili.

Bi Dawati: Ungeanza na hilo! Sasa simu inatangulia, na ikibidi apige mumeo, aseme gauni liko wapi kisha akate. Hadharani bakiza sentensi mbili za mwanzo tu, na usimwite wifi. Ukimwita wifi, wasiowajua wataona unatumia undugu kumziba mdomo.

Bibi wa Tanga: Nami nasema amwite wifi, tena kwanza. Hilo neno "wezi" ndilo litakalomrudia yeye kwa aibu, ataifuta posti bila kuombwa.

Kaka wa Kisauni: Bibi, aibu hiyo ndiyo iliyonipotezea mjomba.

Muuza Magauni: Na kufuta je? Nimwambie kwenye ujumbe huo huo?

Bi Dawati: Hapana. Ombi la kufuta likikaa pamoja na msaada, linasomeka kama sharti: futa ndipo upate gauni. Subiri avae. Kisha muombe inboksi aongeze mstari mmoja chini ya posti kwamba amelipata. Kwa duka lako huo mstari una faida kuliko kufuta, maana walioipiga skrinishoti wanayo tayari. Na akikataa, iache.

Mkanyageni: Kwa hiyo aliyetukana haombi radhi, aliyetukanwa anatoa bodaboda? Ndiyo maana wateja wanaanika watu kila siku, wameshajua inalipa.

Bi Dawati: Hilo sina jibu lake, Mkanyageni. Kwa mtu anayeanika kila mwezi ili apunguziwe bei, ningeandika jibu jingine kabisa, fupi na bila zawadi yoyote.

Muuza Magauni: Mume wangu kampigia. Shemeji kaenda Nyegezi na gauni kalichukua. Posti bado ipo, na ina komenti mpya inauliza bei ya gauni la bluu. Hiyo nayo nimjibu pale pale?

Mkanyageni: Bei hadharani, tafadhali. Huo ugonjwa wa "njoo inboksi" tuuanzishie mjadala wake.