Mrejesho: kitanza ndimi cha Katibu Kata

Niliuliza: "Nikisoma matangazo kanisani, T na K zinamezwa. Vitanza ndimi navisema mbiombio lakini sibadiliki. Nakosea wapi?"

Jamani, kosa lilikuwa hiyo mbio yenyewe. Nilijirekodi nikisema "Katibu wa kata ya Mkata alikataa kukata mkataba", na nikisikiliza, "kata" inatoka "kada". Ncha ya ulimi ilikuwa haifiki vizuri kwenye ufizi nyuma ya meno ya juu, na sauti ya koo inaziba kasoro.

Nikafuata ushauri wa kunong'ona. Kwenye mnong'ono hakuna sauti ya koo, kwa hiyo T isipopasuka hausikii kitu. Nanong'ona mara tatu tu (zaidi ya hapo koo linakauka), kisha nasema kwa sauti, silabi moja kwa kila mdundo, midundo 60 kwa dakika. Nikitoa mara tatu safi, naongeza mitano. T ikigeuka D, narudi nyuma.

Wiki ya tatu nimefika 110. Nikijaribu 120 taya linakaza na "mkataba" inakuwa "mkadaba", basi nimebaki hapo. Jumapili iliyopita bibi wa benchi la nyuma amenisikia. Sasa R na L ndizo zinanitesa.