Slaidi zangu za LinkedIn zimepata pongezi tele, mwajiri hata mmoja hajanitafuta

Mtakwimu_Dom: Wakuu, habari za jioni. Nimemaliza shahada ya takwimu mwaka jana. Nimepandisha LinkedIn slaidi 14 za kazi zangu, kwa PDF. Ya kwanza ni picha yangu na joho, "Karibu katika safari yangu". Zinafuata elimu, ujuzi (Excel 90%, SQL 75%), kisha kazi tatu. Ya mwisho ina msimbo wa QR wa kwenda WhatsApp yangu. Wiki ya tatu hii, kimya. Nimekosea wapi?

BiAjira: Mdogo wangu, mimi huchuja maombi ya kazi. Slaidi zako nazisoma kwenye simu, sasa huo msimbo niuskani kwa simu ya jirani? Hata linki ya ndani ya PDF haibonyezeki pale kwenye posti mpaka mtu aipakue. Andika barua pepe kwa herufi, kisha irudie kwenye maneno ya posti, mtu aweze kuinakili. Na Excel 90% ni 90 ya nini? Futa. Hebu tueleze kazi moja.

Mtakwimu_Dom: Duka la dawa la shangazi. Nilihamisha mauzo ya miezi 8 kutoka daftarini kwenda Excel. Dawa moja ilikuwa na majina matatu: parasetamo, paracet, PCM. Baada ya kusafisha nikaona dawa 11 zinaisha kabla ya mwezi kwisha, karibu kila mwezi. Siku hizi anaziagiza mara mbili kwa mwezi. Slaidini nimeandika "Uchambuzi wa Data ya Mauzo", na chati sita.

BiAjira: Yaani hayo yote umeyaficha nyuma ya joho! Slaidi ya kwanza iseme: "Dawa 11 zilikuwa zikiisha karibu kila mwezi. Daftari lilinionyesha." Ya pili, picha ya ukurasa wa daftari kando ya jedwali safi, majina ya wateja yafunike. Kisha chati moja tu, halafu alichobadilisha shangazi. Excel itajionyesha yenyewe. SQL uliitumia wapi?

Mtakwimu_Dom: Darasani tu 🙈

BiAjira: Basi andika hivyo hivyo. Utaulizwa kwenye usaili.

KekiZaTina: Mimi Instagram naweka bei slaidi ya kwanza, wateja wanajaa. Weka mshahara unaoutaka.

Fundi_Grafiki: Tina, huyu hauzi keki 😂 Mkuu, ukichora kwa 1080 × 1350, simu inabana karibu mara tatu. Herufi za 24 zinaonekana kama za 8. Usishuke chini ya 36.

MzeeWaPosti: Linki weka kwenye komenti, LinkedIn huzificha posti zenye linki.

BiAjira: Wengi husema hivyo. Ila barua pepe si linki, na mimi sifukui komenti 80 kumtafuta mtu.

Mtakwimu_Dom: Nimejaribu kuhariri, inakubali maneno tu, PDF haibadiliki. Nifute, nipoteze pongezi zote?

Fundi_Grafiki: Pandisha mpya, ya zamani iache.

BiAjira: Futa. Nikifungua wasifu wako nitazikuta zote mbili, na joho lile.