Naomba ushauri: fundi wa bomba kwa saa au bei ya kazi nzima?

Habari zenu wakuu. Niko Leicester, Uingereza. Ukuta wa bafuni umeanza kutoa unyevu, rangi inabanduka kama ngozi ya kitunguu. Juzi usiku nilifunga mabomba yote nikapiga picha mita ya maji. Asubuhi namba zilikuwa zimesogea. Kwa hiyo ni bomba linavuja, ila wapi hasa, sijui.

Nimeita mafundi wawili. Wa kwanza anataka pauni 55 kwa saa, vifaa juu yangu, anakisia pauni 30. Wa pili anataka 300 kwa kila kitu mpaka bomba lipone, ila kurudisha vigae si kazi yake.

Nimepiga hesabu: nikitoa vifaa kwenye 300 inabaki 270, sawa na karibu saa 5 za yule wa kwanza. Akimaliza kwa saa 3 nalipa 195. Zikifika 6 inakuwa 360, na kutafuta uvujaji ndani ya ukuta ndiko kunakokula muda. Ingekuwa kubadilisha koki tu nisingewasumbua, ningemchukua wa saa.

Nimefikiria kumwomba wa kwanza aweke kikomo, tuseme asipite saa 4 bila kunipigia. Kuna aliyewahi kukubaliwa hivyo? Na huyu wa 300, nimwandikishe nini ili akikuta bomba la pili limeoza asiniongezee bei?