Eosinofili za mwanangu ziko juu: ni mzio au minyoo?

Habari zenu ndugu zangu, naomba ushauri. Mwanangu wa miaka 11 anakohoa usiku, kifua kinatoa mlio, na ngozi inamwasha. Kipimo cha damu kimeonyesha seli nyeupe 9,000 kwa mikrolita, na kati ya hizo eosinofili, zile zinazopanda kwa mzio au minyoo, ni asilimia 18. Nimepiga hesabu, ni kama 1,620, na kawaida hazizidi 500.

Daktari anaona ni pumu ya mzio, anataka kumwanzishia vidonge vya prednisoloni, ambayo ni steroidi. Choo kilipimwa mara moja tu, hakikuonekana kitu. Wiki sita zilizopita alimeza dawa ya minyoo, albendazoli miligramu 400, dozi moja. Ninachokiogopa ni mnyoo wa strongiloidesi. Mabuu yake hutoka machache, siku nyingine hayaonekani kabisa, dozi moja ya albendazoli mara nyingi haimmalizi, na steroidi zinaweza kumfanya azaliane mwilini kwa kasi ya kuua. Tena steroidi zenyewe hushusha eosinofili, hivyo majibu yajayo yangenipa matumaini ya uongo.

Kwa sasa anapumua vizuri kwa dawa ya kuvuta. Je, niombe choo kirudiwe siku tatu tofauti, pamoja na kipimo cha kingamwili, kabla ya vidonge? Na kifua kikizidi kabla ya majibu, ni sahihi kumwomba daktari ampe ivermektini ya kuua mnyoo huyo sambamba na prednisoloni?