Michirizi myeusi ukutani kila sentimita 40

Binti Langoni (Toronto)

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Lamu na Malindi, mlio nyumbani na mlio ughaibuni.

Ukuta wa nje wa chumba cha kulala, kwa upande wa ndani, umeota michirizi myeusi iliyosimama wima, myembamba, kila baada ya sentimita 40 hivi. Nikiipangusa inatoka, baada ya miezi miwili imerudi palepale. Mwenye nyumba anasema ni moshi wa udi. Sawa, udi nafukiza, lakini moshi gani unaojipanga kwa rula?

La pili: ukuta huo una urefu wa mita 4 na kimo cha mita 2.4, hauna dirisha. Ndani yake mna pamba ya glasi iliyoandikwa R-13, R ikiwa kipimo cha ubishi wa kitu kwa joto. Kwa hesabu yangu, ndani kukiwa nyuzi 20 na nje 15 chini ya sifuri, ukuta unapoteza wati 123 tu. Hita inaonyesha mambo mengine. Nimekosea wapi?

Fundi wa Shela

Wa alaykum salaam. Hiyo ni chumvi, dada. Mchanga wa pwani haukuoshwa, chumvi inapanda na unyevu. Kwangua lipu yote hadi kwenye jiwe, acha wiki tatu ikauke, kisha upige chokaa safi bila simenti. Ukuta wa matumbawe ukiuziba kwa simenti lazima utoe jasho.

Mwana wa Malindi (Leicester)

Kaka, Toronto hakuna matumbawe wala lipu. Ukuta wa huko ni kama sanduku: mbao zimesimamishwa, katikati imeshindiliwa pamba, ndani jipsamu, nje plaiwudi na vibao vya plastiki.

Binti Langoni, kosa lako naliona. Umehesabu kana kwamba ukuta mzima ni pamba, umesahau mbao. Kanuni ya kawaida ni kuchukua robo ya ukuta kuwa mbao na robo tatu pamba. Kwenye pamba R ya ukuta mzima ni 2.74, kwenye mbao ni 1.19. Wastani wake ni 2.35. Zidisha eneo la mita za mraba 9.6 kwa tofauti ya nyuzi 35, gawanya kwa 2.35, utapata wati 143. Tofauti ni wati 20, si kitu cha kukunyima usingizi.

Mzee wa Mkomani (Toronto)

Mwana wa Malindi ameona penye kosa, kisha akakosea hatua ya pili. R hazichukuliwi wastani zikiwa bega kwa bega. Fikiria mabomba mawili yanayotoa maji kwenye tangi moja, jembamba na pana. Ukitaka kujua maji yanayotoka, unajumlisha yanayopita katika kila bomba. Huwezi kuchukua wastani wa ubishi wa mabomba, kwa sababu maji hayangoji zamu, yanakimbilia penye wepesi. Joto nalo ni hivyo.

Twende polepole, mwanangu. Kwanza vitu vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine. Joto likitoka chumbani sharti livuke vyote, kwa hiyo hapa R zinajumlishwa. Utando wa hewa tulivu upande wa ndani ni 0.12, jipsamu ya milimita 12.7 ni 0.08, plaiwudi 0.11, vibao vya plastiki 0.11, na hewa ya nje yenye upepo 0.03. Jumla 0.45. Hiyo hulipwa na joto lote, lipite kwenye pamba au kwenye mbao.

Kisha njia inagawanyika. Pamba ya R-13 ukiigawa kwa 5.678 inakuwa 2.29 kwa vipimo vya mita. Ubao wa milimita 89 wa msonobari ni 0.74 tu. Ndiyo maana njia moja ni 2.74 na ya pili 1.19, hapo mwenzetu yuko sawa. Sasa geuza kila moja iwe upitishaji kabla ya kugawa mafungu:

```
U pamba = 1/2.74 = 0.365
U mbao  = 1/1.19 = 0.840
U ukuta = 0.75 x 0.365 + 0.25 x 0.840 = 0.484
Q = 0.484 x 9.6 x 35 = 163 W
```

Wati 163, si 123 wala 143. Angalia robo hiyo ya mbao: katika 0.484, yenyewe imeleta 0.210. Robo ya ukuta inapitisha zaidi ya asilimia 40 ya joto.

Na michirizi ndiyo hiyohiyo hesabu, ila unaiona kwa macho. Uso wa jipsamu hupoa kulingana na sehemu ya ubishi iliyoko kwenye utando wa hewa ya ndani. Mbele ya pamba, 0.12 gawa kwa 2.74, zidisha kwa 35, ni nyuzi 1.5, uso una 18.5. Mbele ya ubao, 0.12 gawa kwa 1.19, ni nyuzi 3.5; uso una 16.5. Nyuzi mbili tu, lakini chembe za masizi zinazoelea chumbani huelekea upande wa baridi na kunata huko. Mwenye nyumba amesema kweli nusu: weusi umetoka chetezoni. Kilichouchagulia pa kukaa ni ubao ulio nyuma. Hakika yake, pitisha sumaku ndogo juu ya mchirizi. Itashika kwenye vichwa vya skrubu, kimoja juu ya kingine. Pengine hata vichwa vyenyewe vimeacha vidoa vya duara.

Mwana wa Malindi (Leicester)

Nimekubali, Mzee. Lakini mie nilifundishwa njia nyingine: unaunganisha kwanza mbao na pamba peke yake, kisha ndio unajumlisha tabaka nyingine. Nimeijaribu:

```
0.75/2.29 + 0.25/0.74 = 0.665   R = 1.50
1.50 + 0.45 = 1.95              U = 0.512
Q = 172 W
```

Ukuta mmoja, majibu mawili. Lipi la kweli?

Mzee wa Mkomani (Toronto)

Hakuna. Yangu inadhani joto haliwezi kabisa kusogea kando ndani ya jipsamu. Lililoingia mbele ya pamba litatokea nyuma ya pamba. Yako inadhani linasogea kando bila kizuizi, kiasi kwamba jipsamu yote ina joto moja. Lakini ingekuwa na joto moja, michirizi isingekuwepo! Kwa hiyo ukweli uko katikati ya 163 na 172, na kwa ukuta wa mbao mimi huegemea chini. Tofauti ya asilimia 6 haimzuii mtu kununua hita.

Nguzo zikiwa za chuma, hapo usitegemee njia yoyote kati ya hizi mbili. Chuma hupitisha joto mamia ya mara kuliko mbao, na zile kingo zake bapa zilizogusana na jipsamu hukusanya joto la pembeni. Majedwali ya wahandisi wa Marekani yanahesabu pamba ya R-13 kati ya nguzo za chuma za kila sentimita 40 kuwa kama R-6. Zaidi ya nusu imepotea.

Jirani wa Casuarina (Malindi)

Hapo kwenye chuma mmenigusa. Nimewekewa ukuta wa jipsamu na nguzo za chuma nyuma ya chumba chenye kiyoyozi, pamba ndani. Fundi anataka kuweka nailoni upande wa chumbani, kaiona kwenye video ya Kanada. Nimruhusu?

Mzee wa Mkomani (Toronto)

Usimruhusu. Huku nailoni hukaa ndani kwa sababu unyevu unatoka chumbani kwenda nje. Kwako unatoka nje kuja ndani. Hewa ya Malindi ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 huanza kudondosha maji ikipoa hadi nyuzi 25. Wewe chumba umekiweka 22. Nailoni hiyo itapoa kama chumba, na maji yatakusanyika mgongoni mwake, ndani ya pamba, usiyaone hadi jipsamu ianze kunuka. Kizuizi cha unyevu kwako kiwe upande wa nje.

Binti Langoni (Toronto)

Ahsante sana, Ami. Sumaku imeshika, na vidoa vya duara vipo kweli. Sasa nifanye nini? Dukani kuna pamba ya R-15 inayoingia nafasi ileile. Nibomoe jipsamu niibadilishe?

Mzee wa Mkomani (Toronto)

Ukibadilisha, njia ya pamba inafika 3.09, njia ya mbao inabaki 1.19 vilevile. Utashuka kutoka wati 163 hadi 152. Kubomoa ukuta mzima kwa wati 11, na michirizi itarudi, tena imekolea kidogo, kwa sababu pamba imepata joto na ubao umebaki na baridi yake.

Kinachosaidia ni kitu kinachofunika mbao na pamba kwa pamoja. Foamu ngumu ya milimita 25 ina R ya 0.88, na inaingia kwenye njia zote mbili. Njia ya pamba inakuwa 3.62, ya mbao 2.07, ukuta unashuka hadi wati 110. Juu yake upige jipsamu ya milimita 12.7, foamu haiachwi wazi chumbani kwa sababu ya moto. Skrubu ziwe ndefu za kufika kwenye mbao, na masanduku ya soketi yaongezwe kina.

Pa kuogopa ni maungio. Ukuta wa zamani sasa utakuwa nyuma ya foamu, na mbele ya mbao utashuka karibu na nyuzi 2. Hewa ya chumba yenye unyevu nusu kwa nusu hutoa maji kwenye nyuzi 9. Ikipenya kwenye ufa wa foamu, itaacha maji huko. Kila ungio libandikwe utepe wake, na kingo za juu, chini na pembeni zizibwe.

Fundi wa Shela

Basi nyumba zenu ni za makaratasi. Ukuta wetu wa nusu mita unashika ubaridi wa usiku hadi alasiri.

Mzee wa Mkomani (Toronto)

Unashika, fundi, kwa sababu usiku unakuja kuupoza kila siku. Baridi ya huku inakaa majuma mawili bila kupumzika. Ukuta mzito huchelewesha joto. Mwisho wake utaliachia tu.

Binti Langoni (Toronto)

Ami, nimeuhesabu ukuta wote kwa sumaku. Mbao zilizosimama ni 15: 11 za kawaida, mbili za ziada kwenye pembe, mbili mahali ukuta wa kati unapogusa. Kila moja milimita 38. Nikichukua ubao mmoja wa chini na miwili ya juu, mbao zote ni asilimia 18, si 25. Napata wati 152.

Mzee wa Mkomani (Toronto)

Ndiyo hesabu bora kuliko yangu. Ile robo ni kwa nyumba nzima, yenye mbao za kuzunguka madirisha na milango, na ukuta wako hauna dirisha. Ila sumaku haioni ubao usiopigiliwa skrubu, kwa hiyo 18 ndiyo chini kabisa. Usiku wa baridi kali, azima kamera ya joto uupige picha ukutani.

Binti Langoni (Toronto)

Nitaiazima. Limebaki la kabati la nguo: kwenye pembe, nyuma yake, si mchirizi tena, ni ukungu wa kijani. Kabati nimelisogeza sentimita 10. Zinatosha?

Mwana wa Malindi (Leicester)

Mie naona zinatosha, hewa ikipita.

Mzee wa Mkomani (Toronto)

Kwenye ukuta ulionyooka, ndiyo. Kwenye pembe yenye mbao tatu zilizobanana, sijashawishika. Weka kipimajoto nyuma ya kabati usiku kucha, utuandikie umesoma ngapi alfajiri.