Orodha ya wazazi baada ya kupima macho shuleni: naweza kuipakia Facebook?

Njoro_Matangazo
Wakuu, nisaidieni. Nina mteja mwenye duka la miwani hapa Nakuru. Mwezi uliopita alizunguka shule za msingi akipima macho bure. Fomu zina jina la mtoto, darasa, simu ya mzazi na matokeo. Sasa ana namba 640 za wazazi ambao watoto wao wanahitaji miwani. Anataka nizipakie Meta, wenye Facebook, kama Custom Audience, yaani orodha ya watu watakaoonyeshwa tangazo, kisha nitengeneze Lookalike kutoka humo, kundi jipya la watu wanaofanana nao. Mimi nasita, yeye anasema namba ni za watu wazima, shida iko wapi? Bajeti elfu thelathini.

Mama_Shani
Pakia tu. Namba hugeuzwa kuwa hashi, msimbo usiosomeka, kabla hazijaondoka kwenye kompyuta yako, Meta haioni namba. Na tangazo linamfikia mzazi, si mtoto.

Chali_wa_Dar
Mambo ya watoto ni magumu kweli. Mimi nina chaneli ya hadithi za watoto YouTube, nikaiwekea alama ya Made for Kids, mapato yakashuka vibaya. Pale hawaweki matangazo ya kufuata tabia za mtazamaji, ni yale yanayoendana na video tu. Ilianza Januari 2020, baada ya Google kukubali kulipa dola milioni 170 kule Marekani.

Njoro_Matangazo
Pole ndugu, ila mimi tangazo nalielekeza kwa wazazi.

Kitwana_K
Njoro, kusita kwako kuna sababu. Mama Shani yuko sahihi kuhusu hashi, lakini kazi ya hashi ni kulinganisha: Meta ina hashi ya namba ileile, ndiyo maana inampata mtu. Kama inampata, bado ni data yake.

Halafu tazama orodha yenyewe. Hata ukifuta safu zote ubaki na namba peke yake, kuwemo tu kwenye orodha kunasema "mtoto wa huyu ana shida ya macho". Hiyo ni habari ya afya, tena ya mtoto. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu afya kuwa data nyeti, na wengi hawajui kwamba majina ya watoto wa mtu nayo yamo humo. Kanuni zake za 2021 zinaruhusu data kutumika kumtangazia mtu moja kwa moja kwa masharti, lakini data nyeti zimeitoa kabisa. Na kuipeleka nje ya nchi, maana seva za Meta haziko Nakuru, kunahitaji ridhaa ya mwenyewe. Fomu ilisema nini?

Njoro_Matangazo
"Naruhusu mwanangu apimwe macho." Basi.

Kitwana_K
Basi ridhaa iliishia kwenye kupima. Lookalike nayo hairekebishi kitu, kwa sababu mbegu yake ni orodha ileile.

Mama_Shani
Haya, nakubali. Lakini nani atajua?

Kitwana_K
Mzazi mmoja akilalamika, inatosha. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza Roma School zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi.

Njoro_Matangazo
Sasa nimwambie mteja afanye nini? Atasema namkimbizia biashara.

Kitwana_K
Weka orodha kando. Lenga watu wazima walio kilomita chache kutoka dukani, acha tangazo lenyewe liwachague wazazi. Kanuni hazihesabu hilo kuwa matangazo ya moja kwa moja, kwa sababu hakuna data ya mtu iliyotumika kumlenga. Ila chunga maneno. "Mwanao haoni ubao?" Meta huenda ikalikataa, kwa kuwa linadokeza unajua hali ya afya ya anayelisoma. "Tunapima macho ya watoto kila Jumamosi" hupita. Utawafikia wengi wasiohitaji, huo ndio ukweli. Elfu thelathini haitakwenda mbali kama ulivyotarajia.

Daktari_Mstaafu
Samahani, mnasahau kitu. Watoto 640 hawaoni vizuri na wazazi pengine hawajaambiwa. Kumpigia mzazi umpe matokeo ni wajibu, hata kama aliyepima anauza miwani.

Kitwana_K
Mzee, matokeo apewe, tena haraka. Kwangu tatizo ni SMS yenye matokeo mwanzoni na "punguzo la asilimia 20" mwishoni. Hapo mstari uko wapi?

Daktari_Mstaafu
Kama punguzo ndilo litamfanya mzazi masikini aje, mimi ningeliweka.

Njoro_Matangazo
Nimeongea naye. Wazazi watapewa matokeo kupitia walimu, kwa karatasi iliyofungwa, bila bei. Punguzo linabandikwa dukani kwa kila mtu. Namba zenyewe anasema atazihifadhi "kwa baadaye". Hapo ndipo tumebishana.